Kusitisha oda kabla mzigo haujapakiwa: dipoziti ni ya nani, na gharama ya kurudisha stoo inatoka wapi

Mwenye loji mjini Morogoro ameagiza vifaa vya vyumba kwa msambazaji wa Dar es Salaam. Oda yake ina vitu vya aina tatu: magodoro 20 ya futi 5 kwa 6, ambayo msambazaji anayo tayari stoo, vitanda 20 vya mninga vitakavyochongwa kwenye karakana ya msambazaji huyo huyo, na mashuka 60 yenye jina la loji lililotariziwa pembeni. Jumla ni shilingi 17,000,000. Amelipa asilimia 40, yaani 6,800,000, akapewa risiti na barua ya kuthibitisha oda. Mzigo unatakiwa kuondoka Dar tarehe 14 Aprili. Katikati ya Machi benki inamjulisha kwamba mkopo wa kumalizia ghorofa ya pili hautatoka mwaka huu. Vyumba havitakuwepo, na vitanda havina pa kuwekwa.

Anapiga simu kwa msambazaji. Afisa mauzo anamwambia, kwa upole kabisa, kwamba pole sana mzee, lakini dipoziti hairudi, na juu yake kuna asilimia 15 ya kurudisha mzigo stoo. Asilimia 15 ya oda nzima ni 2,550,000. Ukijumlisha na dipoziti, mwenye loji anatakiwa kupoteza 9,350,000 kwa mzigo ambao haujapanda hata lori.

Mfano huu nimeutunga, na tarakimu zake nimezichagua ili hesabu iwe nyepesi. Jibu la afisa mauzo, hata hivyo, ni lile lile wanunuzi wengi wanalopewa, na wengi huondoka nalo hivyo hivyo kwa sababu karatasi ya oda kweli ina sentensi inayosema malipo ya awali hayarudishwi. Mimi naliona jibu hilo limechanganya madai mawili ambayo kila moja lina msingi wake na mpaka wake. Tuyatenganishe.

Oda iliyothibitishwa haifutwi na upande mmoja

Kabla ya kudai chochote, mnunuzi anapaswa kujua amesimama wapi. Profoma ikiwa bado ni profoma, yaani hujaikubali na hujalipa, unaweza kujitoa bila deni. Ukishatuma oda na msambazaji akaithibitisha kwa maandishi, au akapokea dipoziti na kuanza kazi, mmeshaingia mkataba. Kuanzia hapo, kumwambia kwamba hutaki tena mzigo ni kuvunja ahadi, isipokuwa naye akubali muachane.

Ndiyo maana barua nzuri ya kusitisha oda inafanya kazi mbili kwa pamoja. Inamwamuru msambazaji asimamishe kazi, jambo ambalo halihitaji ruhusa ya mtu, na inamwomba wakubaliane masharti ya kuumaliza mkataba. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inatambua wazi kuwa pande mbili zikikubaliana kuufuta mkataba, ule wa mwanzo hauhitaji tena kutekelezwa. Hilo ndilo unalolitafuta. Bila makubaliano hayo unabaki mtu aliyevunja mkataba, na mwenzako ana haki ya kudai fidia ya hasara aliyoipata.

Ila fidia hiyo nayo ina kipimo. Kifungu cha 73 cha sheria hiyo kinampa aliyeumizwa fidia ya hasara iliyotokana moja kwa moja na kuvunjwa kwa mkataba, na kinataka izingatiwe kama alikuwa na njia ya kuipunguza hasara hiyo. Msambazaji aliyeambiwa tarehe 18 Machi asimamishe kazi hawezi kuendelea kuchonga vitanda hadi Aprili kisha akakuletea gharama za siku zote hizo. Hapa ndipo siku moja ya kuchelewa kusema inapokuwa na bei: kila ubao unaokatwa kabla barua yako haijafika ni gharama yako, na unaokatwa baada ya hapo ni juu yake mwenyewe.

Fedha uliyotanguliza ni kitu gani hasa

Sokoni tunaita kila kinachotangulia dipoziti, advansi au kishika uchumba, bila kubagua. Kisheria kuna fedha za namna mbili ambazo mkononi zinafanana kabisa. Ya kwanza ni dhamana ya ahadi: umeiweka kuonyesha kwamba huna mchezo, na ukirudi nyuma inabaki kwa muuzaji. Ya pili ni sehemu ya bei iliyolipwa mapema, kwa kawaida ili muuzaji anunulie malighafi. Hii ya pili ni fedha yako mpaka upewe bidhaa. Mkataba ukivunjika unaidai irudi, na muuzaji anakata kutoka humo hasara yake halisi.

Utaijuaje fedha yako ni ipi? Soma karatasi kwanza. Ikisema malipo ya awali hayarudishwi, au kwamba yatatwaliwa mnunuzi akijitoa, hiyo inaelekea kuwa dhamana. Ikisema tu asilimia 40 kabla ya kuanza kazi na salio kabla ya kupakia, bila neno lolote juu ya kujitoa, una hoja nzuri kwamba umelipa sehemu ya bei. Kisha tazama ukubwa wake. Dhamana ya ahadi huwa ndogo. Katika nchi zinazofuata mkondo wa sheria ya Kiingereza, asilimia 10 ndiyo iliyozoeleka. Mwaka 1993 Baraza la Faragha la London, likisikiliza rufaa kutoka Jamaika kuhusu mauzo ya ardhi, lilikataa muuzaji atwae asilimia 25 kama dhamana. Liliagiza mnunuzi arudishiwe fedha yake, baada ya kukatwa hasara ambayo muuzaji angeweza kuithibitisha. Uamuzi huo hauzifungi mahakama zetu, na ardhi si magodoro, lakini hoja yake inaeleweka hata kwa fundi seremala: dhamana ikizidi sana inageuka adhabu.

Kwa Tanzania mkono wa mnunuzi una kifungu cha 74 cha Sura ya 345. Mkataba ukitaja kiasi kitakacholipwa ukivunjwa, aliyeumizwa anapata fidia ya kadiri inayofaa, isiyozidi kiasi kilichotajwa. Sentensi hiyo inakata pande zote mbili. Kiasi kilichoandikwa ni dari, hakizidi hapo. Lakini chini ya dari hiyo swali linabaki kuwa ni kiasi gani kinafaa kwa hasara iliyotokea. Na muuzaji naye ana lake, kwa kuwa kifungu hicho hakimlazimishi kuthibitisha hasara kwa senti ndipo apewe chochote. Kwa hiyo ukiona maneno hayarudishwi usikate tamaa, na pia usiende ukidhani hayana maana. Yanakupunguzia nguvu ya kujadiliana bila kuufunga mjadala.

Kwa wanaoagiza China, jambo hili lina sura yake, na ni vizuri kulijua kabla ya kutuma fedha Guangzhou au Yiwu. Kanuni ya Kiraia ya China, inayotumika tangu tarehe 1 Januari 2021, ina dhamana ya ahadi inayoandikwa 定金. Mnunuzi akivunja, haidai tena. Kiwanda kikivunja, kinarudisha mara mbili. Lakini kifungu cha 586 kinaiwekea mpaka wa asilimia 20 ya thamani ya mkataba, na kinachozidi hapo hakina nguvu ya dhamana. Kuna pia 订金, inayotamkwa vile vile, ambayo kwa kawaida huchukuliwa kuwa malipo ya awali tu. Ankara nyingi za viwanda vya China hudai asilimia 30 mwanzoni. Kama mkataba wenu unafuata sheria ya China, ile asilimia 10 ya juu unaweza kuijadili hata pale ambapo umekubali kwamba dhamana imekwenda. Mwombe wakala wako akusomee ni herufi ipi iliyoandikwa kwenye mkataba wa Kichina.

Gharama ya kurudisha stoo inalipia kazi gani

Gharama hii ilizaliwa kwenye bidhaa zilizokwisha kutoka. Mzigo umefika kwa mnunuzi, ameukataa, unarudi. Mtu wa stoo anaupokea, anaukagua kama umefunguliwa, anabadilisha boksi lililochanika, anauingiza tena kwenye daftari na kuupanga rafuni. Pengine hauwezi tena kuuzwa kama mpya. Kazi hiyo ina gharama ya kweli, na asilimia inayotozwa ni makadirio yake.

Kabla ya kusafirishwa, sehemu kubwa ya kazi hiyo haipo. Godoro ambalo halijatoka rafuni halirudishwi popote. Kinachoweza kuwepo ni kidogo: vibarua walioyashusha na kuyafunga pamoja tayari kwa lori, lebo zilizobandikwa, nafasi ya lori iliyokwisha kulipiwa, au wateja wengine waliokataliwa kwa sababu magodoro yametengwa kwa jina lako. Hayo ya mwisho yana uzito katika msimu wa mauzo, na mnunuzi mwungwana hayapuuzi.

Soma basi maneno yenyewe. Katika oda ya mwenye loji imeandikwa kuwa asilimia 15 itatozwa kwa bidhaa zitakazorudishwa. Hakuna kilichorudishwa. Afisa mauzo ameikokota sentensi hiyo mpaka kwenye mzigo ambao haujaondoka, akaipachika hata kwenye vitanda ambavyo havijachongwa. Kitanda kisichokuwepo hakina stoo ya kurudi.

Jambo la pili ni la kuangalia kwa makini zaidi: muuzaji halipwi mara mbili kwa hasara moja. Akikata gharama ya kurudisha stoo, aikate ndani ya fedha aliyonayo na kurudisha inayobaki. Akiishika dipoziti yote kama fidia, basi vibarua na lebo vimo humo humo. Kudai vyote viwili kwa bidhaa zile zile ndiko kulikoizaa ile 9,350,000, na hapo ndipo pa kwanza pa kuweka kidole.

Tahadhari moja. Haya yote yanabadilika lori likishapakiwa. Katika sheria za mauzo ya bidhaa za Tanzania na Kenya, kumkabidhi msafirishaji mzigo ambao mnunuzi ameidhinisha upelekwe kwake huhesabiwa, kwa kawaida, kama kumkabidhi mnunuzi mwenyewe. Kuanzia hapo gharama ya kurudisha inakuwa halali, na nauli ya kwenda na kurudi inaongezeka. Uliza kwanza kama mzigo bado uko ndani.

Sababu unayoitoa ndiyo inayoamua nani analipa

Wanunuzi wengi huandika sababu kama kuomba radhi, aya nzima ya majonzi. Msambazaji anahitaji sababu kwa jambo moja tu: kujua kosa liko upande gani.

Ikiwa yeye ndiye aliyekosa, kwa mfano tarehe ya kukabidhi imepita, ametaka kubadilisha mninga kwa mbao nyingine au amepandisha bei baada ya kuthibitisha, basi wewe huombi huruma. Unamkumbusha alichoahidi, na kama ni ucheleweshaji unampa tarehe ya mwisho iliyoandikwa, na tarehe hiyo ikipita unaumaliza mkataba na kudai dipoziti yako yote. Usichanganye hilo na sababu zako binafsi. Mtu aliyecheleweshewa mzigo wiki tatu, akaandika kwamba anasitisha oda kwa sababu ana matatizo ya kifedha, amejivika kosa ambalo halikuwa lake.

Ikiwa sababu ni yako, iseme kwa sentensi mbili na iwe ya kweli. Mkopo haukutoka, kibali cha ujenzi kimekwama, mteja wako naye amejitoa. Usibuni kasoro ya bidhaa ili kupata mlango wa kutokea. Msambazaji anayejua mzigo wake ataona mara moja, na kuanzia hapo hataamini hata hesabu zako za kweli. Kama umepata bei nzuri kwingine, hulazimiki kuitangaza, lakini pia usiseme benki imekukatalia ilhali haijakukatalia.

Barua yenyewe

Simu ipigwe kwanza, kwa sababu karakana husimama kwa simu upesi kuliko kwa barua. Lakini simu ya afisa mauzo haifiki daima kwa fundi, na baada ya mwezi hakuna anayekumbuka ilipigwa lini. Siku hiyo hiyo tuma barua kwa barua pepe, na picha yake kwa ujumbe wa simu, kwa afisa mauzo na kwa mwenye mamlaka juu yake. Ya mwenye loji inaweza kusomeka hivi:

> 18 Machi
>
> Meneja Mauzo,
>
> YAH: KUSITISHA ODA NA. 0417 KABLA YA KUSAFIRISHWA
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> Tunarejea oda yetu ya tarehe 3 Machi mliyoithibitisha tarehe 5 Machi, na mazungumzo yetu ya simu ya leo saa 4 asubuhi. Mkopo uliokuwa ugharimie ghorofa ya pili ya loji yetu hautatoka mwaka huu, na vyumba vilivyokusudiwa havitakamilika. Sababu hii inatoka upande wetu. Ninyi hamjakosea lolote.
>
> Tunaomba msimamishe kazi zote za oda hii tangu leo, na msipakie kitu chochote.
>
> Ili tukubaliane namna ya kuimaliza oda, tunaomba mtujulishe kwa maandishi kufikia tarehe 25 Machi:
>
> Vitanda vingapi vimekwisha kuanzwa hadi leo, na kila kimoja kimefikia hatua gani. Tutashukuru kupata picha.
>
> Mashuka mangapi yamekwisha kutariziwa. Yaliyokwisha tuko tayari kuyachukua na kuyalipia kwa bei ya oda.
>
> Kama magodoro yametengwa au kufungwa, na gharama mliyoingia kwa kazi hiyo.
>
> Kiasi gani mnakusudia kukata kutoka malipo yetu ya awali ya shilingi 6,800,000, kwa mchanganuo wa kila bidhaa, na kiasi kitakachorudishwa kitarudi lini.
>
> Masharti ya oda yanataja asilimia 15 kwa bidhaa zitakazorudishwa. Kwa kuwa hakuna bidhaa iliyoondoka kwenu, tunaomba ufafanuzi endapo mnaona inahusika hapa.
>
> Tunathamini biashara yetu nanyi na tungependa kuagiza tena ujenzi utakapoendelea.
>
> Wenu,

Tazama mambo mawili kwenye barua hii. Haisemi popote kwamba dipoziti yote irudi, kwa kuwa hilo lingemfanya msambazaji ajibu hapana na mazungumzo yaishie hapo. Inauliza kila bidhaa imefikia wapi, na majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayozaa kiasi. Pili, inajitolea kuyachukua mashuka. Huo si ukarimu. Shuka lenye jina la loji yako halina mnunuzi mwingine duniani, na hasara yake itakuwa yako vyovyote vile. Afadhali ulipie upewe kuliko ulipie likae stoo ya mtu.

Majibu yanaporudi

Msambazaji anajibu tarehe 24. Mashuka yote 60 yameshatariziwa. Vitanda vinane vimekatwa mbao na kuunganishwa fremu, 12 havijaguswa. Magodoro yametengwa lakini yako rafuni. Tuichukue bidhaa moja baada ya nyingine.

Mashuka ni 40,000 kila moja, jumla 2,400,000. Hapa hakuna ubishi. Yanalipwa yote kutoka dipoziti na yanapelekwa Morogoro.

Vitanda vilikuwa 450,000 kila kimoja. Kwa vile vinane vilivyoanzwa, msambazaji anasema vilipwe bei kamili, 3,600,000. Lakini kitanda cha futi 5 kwa 6 cha mninga si shuka lenye jina. Mteja wa kesho atakichukua, na mbao ni mali yake bado. Anachoweza kudai kwa haki ni kazi ambayo huenda asilipwe tena kama fremu zitakaa. Wanakubaliana 85,000 ya ufundi kwa kila kimoja, jumla 680,000. Vingekuwa vya vipimo visivyo vya kawaida, tuseme futi 4 na nusu kwa sababu vyumba vya loji ni vyembamba, mwenye loji angekuwa na hoja dhaifu sana, na huenda angelipa karibu bei yote.

Vile 12 visivyoguswa vina jambo linalosahauliwa na wanunuzi. Msambazaji hajatumia kitu, lakini alitegemea faida ya kuviuza. Je, anaidai? Inategemea foleni yake. Kama karakana ina oda nyingi kuliko mafundi, nafasi uliyoiacha inachukuliwa na mteja mwingine kesho yake na hakuna faida iliyopotea. Kama kazi ni chache na mafundi watakaa, kweli amepoteza mauzo, na faida hiyo ni sehemu halali ya hasara yake. Katika mfano wetu anaonyesha kuwa alikataa oda moja ndogo mwanzoni mwa Machi ili kuipisha hii. Wanakubaliana 400,000.

Magodoro ni 280,000 kila moja, jumla 5,600,000. Asilimia 15 ingekuwa 840,000 kwa kitu ambacho hakijasogea. Lakini yalikuwa yametengwa kwa muda wa wiki mbili, na msambazaji anastahili kitu kwa hilo. Wanakubaliana asilimia 5, yaani 280,000.

Jumla ya kukatwa ni 3,760,000. Ukiitoa kwenye 6,800,000, zinarudi 3,040,000, pamoja na mashuka 60 mkononi. Linganisha na jibu la kwanza la simu.

Kila mahali hapo msambazaji aliombwa kitu cha kuonekana, na mnunuzi asione haya kukiomba: picha za fremu zenye tarehe, risiti ya ununuzi wa mbao, hati ya malipo ya aliyetarizi. Dalili ya kwamba kazi inayotajwa haikufanyika ni rahisi kuitambua. Picha zinachelewa siku nyingi, zinakuja bila tarehe, au idadi ya vitanda inaongezeka kati ya simu ya kwanza na barua. Ukishuku, mtume mtu afike karakana. Kwa oda ya milioni 17, nauli ya basi kutoka Morogoro hadi Dar ni fedha ndogo. Nenda mapema, kabla fremu hazijauzwa kwa mwingine. Na zikiwa zimeuzwa, hilo nalo ni jibu: hasara yake imekwisha kupungua.

Na akikataa kata kata kuchambua? Kuna njia moja kabla ya kufikiria wakili, nayo ni kuigeuza dipoziti kuwa salio la oda ijayo. Kwa msambazaji fedha haitoki mfukoni, kwa mnunuzi haipotei. Ikubali pale tu unapojua kweli utaagiza tena kwake, iandikwe muda wake wa kuisha, na iandikwe kuwa bei itakuwa ile ya siku ya oda mpya au ya zamani. Salio lisilo na maandishi humezwa na mabadiliko ya meneja mmoja.

Kuifunga kwa karatasi

Makubaliano ya simu yaandikwe siku ile ile, hata kwa barua pepe ya mistari sita: oda namba fulani imefutwa kwa makubaliano, kimekatwa kiasi fulani kwa mchanganuo huu, kitarudi kiasi fulani kufikia tarehe fulani kwenye akaunti hii, na baada ya hapo hakuna upande unaodai kitu. Sentensi hiyo ya mwisho ni muhimu kwa mnunuzi kuliko anavyodhani. Bila hiyo, ankara ya gharama za kuhifadhi inaweza kumfuata miezi mitatu baadaye.

Bado kuna kodi. Tanzania, msambazaji aliyesajiliwa kwa VAT hasubiri mzigo uondoke ndipo adaiwe kodi. Kupokea kwake malipo kunatosha, kwa kiasi alichopokea. Kwa hiyo ile 6,800,000 ilipopokelewa na risiti ya EFD kutolewa, ndani yake mlikuwa na VAT ambayo tayari imo kwenye hesabu zake kwa TRA. Wasambazaji wengi huchelewesha kurudisha fedha kwa sababu hii bila kuisema: wanaona wameshailipia kodi. Dawa yake ni noti ya krediti, hati inayopunguza thamani ya mauzo yaliyotangazwa, naye anarekebisha ritani yake. Iombe itolewe kwa kiasi kinachorudishwa, ikitaja namba ya risiti ya awali. Kama wewe pia umesajiliwa na ulishaidai VAT ya dipoziti hiyo kama kodi ya manunuzi, noti hiyo inakutaka nawe upunguze dai lako katika mwezi inapotolewa. Mhasibu wako aione kabla ya kufunga ritani ya mwezi huo, maana risiti ya mashuka peke yake haitalingana tena na kilichoandikwa Machi.